Uzi: Dripu ileile imemwinua mmoja na kumzamisha mwingine. Nisaidieni kuielewa Frank-Starling

Kijana_wa_Wodi
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa, nimesoma nimerudia lakini naona maneno yanapita tu. Niko mwaka wa tatu, usiku mmoja nikiwa wodini tulipokea wagonjwa wawili karibu saa moja. Wa kwanza kijana, ametapika na kuharisha siku mbili, presha 90/60, mapigo 120, mdomo mkavu kabisa. Akawekewa dripu nusu lita ya haraka, ndani ya robo saa presha imepanda, mapigo yameshuka, ameanza kuongea vizuri.

Wa pili mzee, moyo wake unajulikana umepanuka miaka kadhaa, presha 105/70 wakati yake ya kawaida ni 130, mikono ya baridi, mishipa ya shingo imejaa mpaka karibu na sikio. Mtu mmoja akaona presha iko chini kuliko kawaida yake akamwekea nusu lita ileile. Haikufika saa moja mzee amekaa kitako anashika reli za kitanda, anapumua kama mtu aliyekimbia, mate yana povu. Akaja mkubwa wetu akakata dripu, akaagiza oksijeni, frusemaidi ya mshipa na dawa ya kutanua mishipa huku presha inapimwa kila dakika 5. Mzee akakojoa karibu lita moja na nusu mpaka asubuhi, akalala. Na hiki ndicho kinachonitesa: presha yake haikushuka! Ilipanda kidogo.

Sasa Frank-Starling si inasema moyo ukijaa zaidi unasukuma zaidi? Kwa nini mzee tulimjaza akaharibika, tukamtoa maji na kumlegezea mishipa akapona? Nimeandika prilodi, yaani jinsi moyo unavyojaa kabla ya kukaza, na aftalodi, yaani mzigo unaosukuma dhidi yake, kwenye daftari kurasa nne na bado sioni.

Simba_Mpole
Mkuu jibu ni rahisi. Misuli ya moyo ni kama mpira wa manati, ukiuvuta kiasi unarusha mbali, ukiuvuta kupita kiasi unalegea. Zile nyuzi mbili ndani ya sarkomia, vile vipande vidogo vya msuli vinavyokaza, zinaachana, hazishikani tena, nguvu inaanguka. Mzee moyo wake ulishapita kilele akawa kwenye mteremko wa upande wa pili, ukimwongezea maji anateremka zaidi. Prilodi ni ujazo, aftalodi ni presha ya damu, basi.

Bintimkubwa
Samahanini mimi si wa fani, ila nimeona mada nikashtuka. Baba yangu ana moyo uliopanuka, presha yake 100/65, na bado wamemwandikia enalaprili ambayo kwenye karatasi imeandikwa ni ya kushusha presha! Nimekuwa nikimficha hiyo dawa siku presha ikisoma chini ya 105. Kwa hiyo nilikuwa sahihi au? Na maji ya kunywa nimpunguzie, maana hapa mnasema maji yanazamisha?

MapigoSabini
Dada Bintimkubwa, swali lako ntalirudia, tafadhali usilale kabla hujasoma. Kijana, swali lako ni zuri na jibu lake lina sehemu mbili, watu wengi wanaikumbuka moja tu.

Kwanza nimrekebishe ndugu Simba kwa heshima, maana ameshika nusu. Mpira wa manati unafaa mwanzoni, mwisho wake unapotosha. Kweli ukichukua kipande cha msuli wa mkono au mguu maabara ukakivuta sana nyuzi zinaachana na nguvu inaanguka. Lakini msuli wa moyo ni mgumu kuvutika, una protini inaitwa titini ndani yake na kolajeni kuuzunguka, ukifika kama maikromita 2.2 au 2.3 kwa sarkomia unakataa kuendelea. Kwa mgonjwa aliye hai ule mteremko wa upande wa pili karibu haufikiki. Na hata ule mpando wa mwanzo hautokani sana na nyuzi kupishana vizuri, unatokana zaidi na kwamba msuli ukivutwa unakuwa mwepesi kuisikia kalsiamu, kalsiamu ileile inaleta nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo mzee hakuanguka upande wa pili wa mlima. Mzee hana mlima, ana uwanda. Ukichora kinachotoka dhidi ya kinachojaa, mchirizi wake uko chini na umelala.

Sasa nichukue namba za mfano, si za wagonjwa wako maana hawakupimwa hivyo, ila ziko karibu na hali halisi. Kijana aliyeharisha: ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, inajaa mililita 85 tu, inatoa 45 kwa pigo, mara 120 kwa dakika. Ukimpa dripu inajaa 115, inatoa 68, mapigo yanashuka mpaka 95. Piga hesabu, kutoka lita 5.4 kwa dakika mpaka karibu 6.5, na moyo umefanya hivyo kwa mapigo machache zaidi. Presha ya kujaa, yaani ya ndani ya ventrikali inapomaliza kujaa, imetoka 3 ikafika 8, mapafu hayajasikia kitu. Hiyo ndiyo sehemu yenye mwinuko mkali, kila tone unaloweka linalipa.

Mzee: ventrikali yake tayari ina 220, inatoa 55, zinabaki 165 ndani. Presha ya kujaa 22. Ukimwongezea nusu lita hiyo ventrikali haina pa kutanukia, inaongeza labda mililita 6 tu ikafika 226, presha ya kujaa inaruka mpaka 30, na anachotoa ni 56. Yaani umelipia mililita moja kwa presha 8. Na presha hiyo haibaki kwenye moyo, inarudi nyuma kwenye atria ya kushoto, inarudi kwenye mapafu. Kinachoshikilia maji yasitoke kwenye mishipa midogo ya mapafu ni protini za damu zenye mvuto wa kama 25, ukizidi hapo maji yanaanza kuvuja. Povu uliloliona ndilo hilo.

Ndiyo maana kumkojoza hakukumwumiza. Ukirudi nyuma kwenye uwanda hupotezi kitu, kutoka 30 mpaka 18 anachotoa kinashuka toka 56 mpaka 54 labda, lakini mapafu yamekauka.

Kijana_wa_Wodi
Aisee. "Mzee hana mlima, ana uwanda", hiyo imeingia. Lakini mkuu bado hujanijibu kwa nini presha ilipanda wakati tumempa dawa ya kutanua mishipa. Hiyo ndiyo sehemu ya pili?

MapigoSabini
Ndiyo yenyewe, nilikuwa naandika.

Turudi kwa Starling mwenyewe, London mwaka 1914. Frank alishafanya kazi yake Ujerumani 1895 kwa moyo wa chura, akaonyesha ukijaza zaidi kabla ya kukaza unapata presha kubwa zaidi. Starling na wenzake wakachukua moyo wa mbwa pamoja na mapafu yake, wakautenga na mwili uliobaki, damu inaingia kutoka kwenye chombo kilichoinuliwa, na upande wa kutokea wakaweka bomba laini ambalo unaweza kulibana kutoka nje kwa hewa. Chombo ukikifungulia zaidi unaongeza prilodi. Bomba ukilibana unaongeza aftalodi. Hakuna neva, hakuna homoni kutoka mwilini, moyo uko peke yake na hivyo vitu viwili.

Kijana shika kalamu tufuate pigo kwa pigo walipobana bomba, ila namba ziwe za mtu mzima mwenye moyo salama. Anajaa 120, anatoa 70, zinabaki 50. Bana bomba. Pigo la kwanza misuli ina nguvu ileile lakini inasukuma dhidi ya kitu kigumu zaidi, inatoa 55, zinabaki 65. Upande wa kuingilia haujabadilika, 70 zinaingia juu ya zile 65, sasa imejaa 135. Imevutwa zaidi, pigo linalofuata lina nguvu zaidi, baada ya mapigo machache inatoa tena 70 na zinabaki 65. Imetulia. Moyo umevimba kidogo, umeshinda bomba, na mtu hajui hata kama kuna kilichotokea. Moyo mzima unalipa deni la aftalodi kwa mkopo wa prilodi. Hivi vitu viwili mnavisoma kurasa tofauti lakini ndani ya kifua ni mazungumzo ya pigo hadi pigo.

Sasa mbane mzee. Alikuwa na 220, anatoa 55. Pigo la kwanza baada ya kubana anatoa 40, zinabaki 180. Zinaingia 55, amefika 235, lakini yuko kwenye uwanda, hakuna mkopo. Anatoa labda 42. Upande wa kulia wa moyo hauna habari, unaendelea kuleta 55. Tofauti ni mililita 13 kila pigo na mapigo ni 95 kwa dakika. Hesabu hiyo haiwezi kudumu hata dakika moja, maana damu yote iliyoko kwenye mapafu kwa kawaida ni karibu nusu lita tu. Mapafu yanafurika, upande wa kulia nao unaanza kukwama, mwishowe wote wanakubaliana kwenye kiwango kidogo zaidi huku presha ya mapafu iko juu. Hivyo ndivyo mgonjwa wa moyo anavyozama usiku mmoja bila hata kuongezewa tone la maji, kwa sababu tu presha ilimpanda ghafla.

Geuza sasa. Legeza bomba. Mwenye moyo salama ukimlegezea mishipa anatoa zaidi kidogo pigo la kwanza, halafu anajaa pungufu kidogo, anarudi palepale au chini, na presha inashuka. Mzee ukimlegezea anatoa zaidi na hapotezi kwa kujaa pungufu, kwa sababu uwanda ni uwanda. Presha ya damu ni kiasi kinachotoka mara ugumu wa mishipa. Ugumu umeshuka, kinachotoka kimepanda, mara nyingi presha inabaki ilipo, na akiwa mwenye bahati kama mzee wenu inapanda kidogo. Moyo mzima unasikia prilodi sana na aftalodi kidogo, moyo uliochoka ni kinyume chake.

Fundi_Eko
Niongezee hapo kwenye aftalodi maana mimi kila siku napima kuta za moyo kwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti. Ndugu Simba alisema aftalodi ni presha ya damu, hapa ndipo watu wanateleza. Msuli hausomi presha ya mkononi, unasikia mkazo ndani ya ukuta wake, na huo unategemea pia ukubwa wa chumba na unene wa ukuta: presha mara nusu kipenyo, gawa kwa unene mara mbili.

Moyo mzima: kipenyo sentimita 4.8 kwa hiyo nusu yake 2.4, ukuta 0.9, presha 120. Inakuja 160. Moyo uliopanuka: kipenyo 7, nusu yake 3.5, ukuta uleule 0.9, presha 105 tu. Inakuja 204. Presha yake iko chini na bado kila unyuzi unabeba zaidi ya robo juu ya mwenzake. Na ukimkojoza chumba kikapungua kidogo, mkazo nao unapungua, kwa hiyo dawa ya kupunguza prilodi inamsaidia na aftalodi kwa mlango wa nyuma. Nimeona valvu ya kati ambayo ilikuwa inavujisha sana kwa sababu chumba kimetanuka ikavuja kidogo tu baada ya siku nne za kumkausha mtu. Damu iliyokuwa inarudi nyuma sasa inakwenda mbele. Sikuamini nilivyoweka picha mbili kando kwa kando.

Simba_Mpole
Sawa nimekubali kwenye presha, hiyo hesabu ya kuta sikuwahi kuifanya na imenifungua macho. Ila kwenye mteremko bado sijaridhika. Nimeona michoro ya vitabuni yenye mchirizi unaoshuka mwishoni, na nimeona wagonjwa ukiwaongezea maji kinachotoka kinapungua kweli, si kubaki palepale.

MapigoSabini
Ulichokiona ni kweli, sababu ndiyo nabishia. Inaweza kupungua kwa sababu valvu ya kati imefunguka zaidi kama Fundi alivyosema, damu inarudi nyuma. Inaweza kupungua kwa sababu upande wa kulia umevimba ndani ya mfuko wa moyo usiotanuka, ukasukuma ukuta wa katikati na kumbana mwenzake wa kushoto. Hapo ventrikali ya kushoto inajaa pungufu ingawa presha iko juu. Kwenye karatasi utauona kama mteremko, lakini nyuzi hazijaachana. Kuhusu kama msuli wenyewe wa moyo uliochoka, ukiukata kipande na kuuvuta maabara, umepoteza kabisa uwezo wa Frank-Starling au bado unao kidogo, hapo watafiti wamepata majibu yanayopingana, wengine unao, wengine hauna. Mimi naegemea kwamba unao ila umeshatumika wote, moyo umeshavutwa mpaka mwisho wa kamba. Siapi.

Dada Bintimkubwa sasa wewe. Usimfiche baba dawa. Umeona hesabu ya Fundi, presha ya 105 kwa moyo wake si nafuu, ni mzigo. Enalaprili kwake haikuandikwa ili kushusha namba ya mashine, iliandikwa ili kulegeza kile moyo unachosukuma dhidi yake, na kwa muda mrefu inapunguza moyo kuendelea kutanuka. Mtu anayetembea, anayeongea, anayekojoa vizuri kwa 100/65 anaweza kuwa yuko sawa kabisa na dozi yake. Dalili za kuangalia ni kizunguzungu akisimama, kuzimia, mkojo kupungua sana, na vipimo vya figo na potasiamu. Ukiziona mpigie daktari wake siku hiyohiyo, na mwambie pia kwamba kuna siku aliruka dawa, ni muhimu ajue. Maji ya kunywa usimkatie kwa kusoma hapa, kiasi chake anakijua anayemtibu.

Bintimkubwa
Asante sana. Moyo umenienda mbio kusoma, ntampigia asubuhi na ntamwambia ukweli. Anasimama vizuri, hana kizunguzungu. Mimi niliogopa ile namba tu. Uzito je? Walisema tumpime kila asubuhi nikaona ni usumbufu.

Zamu_ya_Usiku
Dada pimeni, hiyo mizani inasema mapema kuliko mapafu. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu si mafuta hayo, ni maji. Andika kwenye daftari.

Mi ni nesi, nataka kurudi kwa swali la Kijana kwa upande wa kitandani. Wote wawili walikuwa na presha ya chini, tungejuaje nani yuko mlimani na nani uwandani kabla ya kufungua dripu? Mishipa ya shingo ilikuwa inapiga kelele kwa yule mzee, kuna mtu hakuangalia. Ila kuna wagonjwa katikati hawasomeki. Kwa hao sisi tunainua miguu. Mgonjwa alikuwa ameegemea nusu kukaa, unashusha kichwa cha kitanda na kuinua miguu nyuzi 45, karibu mililita 300 za damu yake mwenyewe zinakuja kifuani. Ni dripu unayoweza kuichukua tena, ukishusha miguu imerudi. Ila mtu asiangalie presha tu, inadanganya, Fundi awe na eko hapohapo aangalie kinachotoka kwa pigo ndani ya dakika moja. Kikipanda asilimia 10 au zaidi yuko mlimani. Kisipopanda, maji hayatamsaidia. Na huyo anayehema tayari kama mzee usimlaze chali kwa ajili ya jaribio, jibu unalo.

Kijana_wa_Wodi
Mungu awabariki. Nimechora michirizi miwili ukuta wa chumba changu, mmoja umepanda mmoja umelala, na nimeweka nukta za mzee: 22, 30, halafu 18. Swali la mwisho. Tukimkojoza hatupotezi kitu kwa sababu ni uwanda, basi kwa nini tusiendelee mpaka 5?

MapigoSabini
Kwa sababu uwanda una mwanzo. Ukimshusha chini ya 14 au 12 hivi, na hiyo inatofautiana mtu na mtu, hata yeye anaingia kwenye mwinuko wake mfupi na kinachotoka kinaanza kudondoka kweli. Utaona kreatinini, kile kipimo cha figo, inapanda, anasimama anayumba, shingo imelala kabisa. Hapo ndipo watu wanasema figo zimeharibika wakati wamemkausha tu.

Fundi_Eko
Na kabla uzi haujafungwa, hayo yote ni kwa moyo uliopanuka wenye kuta nyembamba. Kuna ule mwingine, ukuta mnene sentimita 1.4, chumba kidogo, EF 60, yaani kila pigo linatoa asilimia 60 ya kilichojaa, na mgonjwa anazama vilevile. Huyo presha ya kujaa ni 25 lakini ujazo ni mililita 90 tu. Mkuu MapigoSabini, huyo utasema prilodi yake iko juu au iko chini? Mimi na daktari wetu tumebishana juzi, yeye anasoma presha, mimi nasoma ujazo. Alimpa frusemaidi dozi ileile ya wale wengine na presha ikaporomoka mpaka 80.

MapigoSabini
Kama prilodi ni kuvutwa kwa nyuzi basi iko chini au ya kawaida, na presha inadanganya kwa sababu ukuta ni mgumu. Huyo bado yuko kwenye mwinuko, mililita chache tu zinamwinua na chache zilezile zinamwangusha, ndiyo maana aliporomoka. Ila mapafu yake yanasoma presha, hayasomi ujazo, kwa hiyo daktari wenu naye hakukosea kuiogopa 25. Ningempa dozi ndogo na kumwangalia kila saa. Ila ukiniuliza nafasi iliyopo kati ya kuzama na kuporomoka kwa mtu kama huyo ni ya mililita ngapi, sina namba ya kukupa. Anayemshika huyu wodini kila siku aje aseme anafanyaje.